Zabuni ya kufunga umeme wa jua katika kituo cha afya na uzazi, komini ya Ruashi, Lubumbashi

Lubumbashi, 23 Juni 2025

Kwa Kamati ya Zabuni ya Kituo,

Waheshimiwa wajumbe,

Tunaleta ofa yetu kwa tangazo lenu la tarehe 2 Juni. Mafundi wetu walifika kituoni tarehe 12 Juni, wakapanda paa, wakapima waya za zamani na kuorodhesha vifaa vyote pamoja na muuguzi mkuu. Hesabu zilizo hapa zimetokana na ziara hiyo. Tumefuata namba za masharti yenu moja baada ya jingine, na pale tusipokubaliana na sharti tumesema wazi.

Sharti la 1: Umeme wa wodi ya uzazi saa 24

Matumizi ya siku moja tuliyoyakuta ni haya: taa 22 za ndani za wati 9 kwa saa 8 (Wh 1,584); taa 4 za nje za wati 20 kwa saa 12 (Wh 960); taa 2 za chumba cha kujifungulia za wati 30 kwa saa 6 (Wh 360); mashine ya oksijeni ya wati 350 kwa saa 8 (Wh 2,800); meza ya kumpasha joto mtoto mchanga, wati 600 kwa saa 3 (Wh 1,800); mashine ya kufyonza, wati 120 kwa saa 1 (Wh 120); hadubini na sentrifuji ya maabara (Wh 300); kompyuta ya mapokezi (Wh 390); na simu 10 za wafanyakazi (Wh 150). Jumla ni Wh 8,464. Tumeongeza asilimia 15 kwa sababu kituo chenye umeme hakikosi kifaa kipya ndani ya mwaka. Tunafika kWh 9.7 kwa siku.

Mashine ya oksijeni peke yake inakula theluthi ya hesabu hii. Ikiwashwa saa 24 mfululizo inataka Wh 8,400, na mpango wote unabadilika. Muuguzi mkuu alitueleza kwamba kwa kawaida haizidi saa 8; kama kamati inaona vinginevyo, tuambiwe kabla ya kusaini, na bei ya batri ya nne tumeiandika katika Sharti la 11.

Sharti la 2: Paneli

Paneli 10 za wati 450, yaani kW 4.5. Tumekokotoa kwa saa 4.5 za jua kamili, ambayo ni siku ya masika na si ya Julai, na kwa upotevu wa asilimia 30 (joto, vumbi, waya, inveta). Siku kama hiyo inatoa kWh 14.2. Paneli 7 zingetosha kwa matumizi ya siku, lakini batri zikishuka baada ya siku ya mawingu mazito hazingepata kitu cha kuzijaza tena. Ziada ya kWh 4.4 inarudisha batri katika siku mbili hadi tatu.

Zitafungwa kwa mistari miwili ya paneli tano. Kila mstari unatoa volti 248 bila mzigo, na asubuhi ya baridi ya nyuzi 5 unafika volti 261. Inveta tuliyochagua inapokea hadi volti 450. Kosa tunalolikuta mara nyingi mjini ni fundi kusoma volti za kwenye kibandiko cha paneli akasahau kwamba baridi ya Juni na Julai huzipandisha. Inveta inaungua saa moja asubuhi na dhamana inakataliwa.

Uso wa paneli utaelekea kaskazini, mlalo wa nyuzi 15. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mlalo wa chini zaidi ungewezekana, ila kwenye nyuzi 15 mvua huosha paneli vizuri. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara halioshwi na mtu. Mlinzi afute kila wiki mbili, alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni. Mwembe wa upande wa mashariki unafunika kona ya paa hadi saa tatu asubuhi. Hatuombi ukatwe, paneli tumezisogeza mita 4 kuelekea wodi.

Sharti la 3: Hifadhi ya saa 24 bila jua

Batri 3 za lithiamu aina ya LiFePO4, kila moja volti 51.2 na Ah 100, jumla kWh 15.36. Tukitumia asilimia 80 tu na kutoa upotevu wa inveta, zinabaki kWh 11.3, juu ya 9.7 zinazotakiwa.

Tangazo linaruhusu pia batri za risasi. Hatuzipendekezi. Bei yake ni ndogo siku ya kwanza, lakini zikishushwa chini ya nusu kila usiku zinachoka mapema, na hapa usiku ndio wenye kazi.

Sharti la 4: Inveta na umeme wa SNEL

Inveta moja ya kW 5, volti 48, wimbi safi. Vifaa vyote vikiwaka pamoja vinafika wati 1,743, na tukiongeza otoklavu ya wati 2,000 ni wati 3,743. Umeme wa SNEL utaingia kama msaada wa kuchaji. Siku ya ziara tulipima volti 168 saa moja jioni. Inveta itapangwa kukubali kuanzia 170, hivyo umeme dhaifu au wa kurukaruka baada ya delestaji hautafika kwenye mashine.

Sharti la 5: Otoklavu

Tunakubali, kwa sharti letu moja. Otoklavu itakuwa na waya na swichi yake yenye saa, inayoruhusu kazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana tu. Mzunguko mmoja wa saa moja unakula kWh 2, ambazo ziada ya jua inazibeba. Siku ya mvua nzito kituo kitumie SNEL au jenereta kwa otoklavu.

Sharti la 6: Kuunganisha friji ya chanjo

Hapa hatukubaliani. Friji ya chanjo iliyopo ina paneli zake na inafanya kazi bila batri. Ikiunganishwa na mfumo wa wodi, hitilafu moja ya inveta usiku itaharibu chanjo zote. Tutakagua waya zake na kusafisha paneli zake bila malipo, na kuiacha ijitegemee.

Sharti la 7: Waya, radi na usalama

Kutoka paa hadi chumba cha inveta ni mita 25. Kila mstari una jozi yake ya kebo ya shaba ya mm² 6, na volti inayopotea haifiki asilimia 1. Batri na inveta zitaungwa kwa kebo ya mm² 35, isiyozidi mita 2, yenye fuse ya ampea 160.

Kwa radi: vizuia-radi pande zote mbili za inveta, na nguzo 3 za shaba za mita 2 zilizochimbiwa na kuungwa kwa waya wa mm² 25. Ukinzani wa ardhi tutaupima mbele yenu, usizidi ohm 10. Kazi ikifanyika sasa, udongo ukiwa mkavu, ndicho kipimo kigumu zaidi. Ukipita sasa, masika utakuwa bora zaidi. Ukikataa, tunaongeza nguzo kwa gharama yetu.

Sharti la 8: Muda

Mmetaka siku 45. Tunaahidi 40 tangu malipo ya kwanza: 28 za kuagiza na kusafirisha kupitia Kasumbalesa, 9 za kazi, 3 za majaribio. Foleni ya malori mpakani ndiyo hatari kubwa. Kwa hiyo vyuma vya paa, nguzo na waya za ndani, ambavyo vinapatikana mjini, vitaanza kufungwa kabla mzigo haujafika. Wodi haitazimwa zaidi ya saa 2, tena mchana.

Sharti la 9: Timu

Mkuu wa kazi ni mhandisi wa umeme, miaka 11 kazini, minane kwenye umeme wa jua. Atakuwepo shantie kila siku na ndiye anayesaini vipimo. Fundi wa kwanza, A2 ya umeme, miaka 7, anashika batri na inveta. Fundi wa pili, miaka 5, ni wa paa na vyuma, na ana mkanda wa usalama wake. Msaidizi mmoja tutamchukua Ruashi. Tungependa awe mtu ambaye kituo kitamwajiri baadaye kwa matunzo. Majina, CV na nakala za diploma ziko katika bahasha B.

Sharti la 10: Kazi zilizotangulia

Dispansari, komini ya Katuba, 2022: kW 2.7, batri za risasi. Baada ya miezi 20 batri mbili kati ya nne zilikufa kwa sababu pasi ya umeme iliungwa kwenye mfumo. Tangu hapo tunaweka soketi za rangi tofauti na kikomo cha mzigo kwa kila chumba. Shule ya sekondari, Kipushi, 2023: kW 3.2, lithiamu. Kituo cha afya, Likasi, 2024: kW 5.4, wodi na maabara, kazi inayofanana zaidi na yenu. Ilikabidhiwa siku 3 kabla ya muda. Barua za wateja hao watatu na simu zao ziko katika bahasha B.

Sharti la 11: Bei (dola za Marekani)

| Kitu | Idadi | Bei | Jumla |
|---|---|---|---|
| Paneli W 450 | 10 | 130 | 1,300 |
| Batri kWh 5.12 | 3 | 1,350 | 4,050 |
| Inveta kW 5 | 1 | 780 | 780 |
| Vyuma vya paa | seti | 520 | 520 |
| Kebo, sanduku, fuse, swichi | seti | 960 | 960 |
| Kinga ya radi na nguzo za ardhi | seti | 430 | 430 |
| Taa za ndani | 22 | 6 | 132 |
| Taa za nje | 4 | 25 | 100 |
| Usafiri na ushuru wa mpakani | | | 1,140 |
| Ufundi, watu 4 kwa siku 9 | siku 36 | 35 | 1,260 |
| Mafunzo na kitabu cha maelekezo | | | 180 |
| Ziara za matunzo, mwaka wa kwanza | 4 | 70 | 280 |
| Jumla bila kodi | | | 11,132.00 |
| TVA 16% | | | 1,781.12 |
| Jumla kuu | | | 12,913.12 |

Batri ya nne, mkiitaka: 1,566 pamoja na TVA. Jenereta na matengenezo ya paa hayamo. Mabati mawili yaliyotoboka juu ya maabara yabadilishwe na kituo kabla hatujafunga vyuma.

Malipo: asilimia 40 wakati wa kusaini (5,165.25), 50 baada ya makabidhiano ya muda (6,456.56), na 10 mwisho wa mwaka wa dhamana (1,291.31). Mnaweza kulipa kwa faranga za Kongo kwa kiwango cha Benki Kuu siku ya malipo.

Sharti la 12: Dhamana na hati

Batri miaka 5, inveta miaka 2, kazi ya mikono mwaka 1. Mkitupigia, fundi anafika ndani ya saa 24. Inveta ya akiba tunayo ghalani. Bahasha A ina RCCM, namba ya utambulisho wa taifa, namba ya kodi, hati ya kutodaiwa kodi na hati ya CNSS, zote za mwaka huu.

Ofa hii ni halali siku 60 tangu leo.

Mkurugenzi wa kampuni
(saini na muhuri)