Elfu kumi ya trafiki unailipa mara ngapi?

Swichi ya taa za breki ya gari langu niliinunua Gerezani kwa shilingi 8,000, fundi akachukua 2,000 ya kuifunga. Jumla elfu kumi. Siisahau bei hiyo, maana wiki tatu nyuma nilikuwa nimetoa kiasi hichohicho kwa askari aliyenisimamisha na kunieleza kwamba nikikanyaga breki, nyuma hakuwaki kitu.

“Sasa mzee, nikuandikie au tunafanyaje?”

Nikaikunja noti ndani ya leseni. Leseni ikarudi bila noti. Akanizuilia hadi magari ili niingie barabarani, na mimi nikajiona mjanja: faini ni 30,000, nimeokoa 20,000.

Taa hazikuwaka. Kwa nini ningehangaika nazo, wakati shauri limekwisha? Jioni moja ya mvua, Barabara ya Mandela, gari la mbele likasimama ghafla, nami nikasimama. Kijana wa bodaboda nyuma yangu hakuona dalili yoyote. Alivunjika mguu. Nilimkimbiza hospitali, nikalipia matibabu, ndugu zake wakanishukuru kwa utu wangu. Nilipokea shukrani hizo nikiwa nimeinamisha macho.

Tumezoea kusema aliyeumizwa na rushwa ya barabarani ni taifa, kwa kuwa faini haikuingia serikalini. Ni kweli, lakini taifa liko mbali, halimuumi mtu kichwa. Mimi nasema aliyetoa naye ameibiwa. Anadhani amenunua msamaha, kumbe amenunua ruhusa ya kuendelea kutembea na ubovu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu anaendesha daladala. Nilimuuliza anatoa kiasi gani. “Mjomba, hiyo ni hesabu ya pili,” akanijibu. Ya kwanza ni ya bosi. Kwenye ruti yake kuna sehemu tatu za kusimamishwa, kila moja buku mbili, konda anaruka chini na kurudi anakimbia. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni 156,000 kwa mwezi. Ni faini tano na chenji juu, ila faini ukishailipa imekwisha, na inakusukuma urekebishe gari ili usiandikiwe tena. Hii haiishi. Gari ikishajulikana kwamba inatoa, itasimamishwa hata siku iliyo nzima.

Na fedha hiyo haitoki kwa bosi, wala kijana haitoi mfukoni mwake akalala njaa. Inatoka kwetu abiria. Ndiyo maana konda anatusindilia mlangoni huku akipiga kelele “katikati kweupe”, ndiyo maana gari inakata ruti na mama mwenye ndoo ya samaki anashushwa nusu ya safari, alipe nauli nyingine. Tairi lililoisha nalo linasubiri mwezi ujao.

Najua jibu nitakalopewa: ukikataa kutoa, utatafutiwa makosa mpaka yapatikane. Hutokea, na dereva anayewahi hesabu ya bosi hana nusu saa ya kubishana. Simlaumu sana huyo. Nawalaumu zaidi sisi wenye magari binafsi, ambao hatudaiwi hesabu na mtu, na mara nyingi ni sisi tunaoanza: “Afande, si tuyamalize tu?” Askari hata hajafungua mdomo.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaitazami. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Kwa hiyo ukishatoa umejifunga mdomo. Kesho askari yuleyule akikuonea kweli, utapiga 113 ya TAKUKURU uwaambie nini? Kwamba jana mlielewana?

Serikali nayo ina lake. Mtu anayeingiza 20,000 kwa siku akiandikiwa 30,000 kwa taa moja, na mwenye gari akitajirika nyumbani bila kuguswa, buku mbili itaendelea kuonekana nafuu. Kosa la ubovu wa gari limfuate mwenye gari, si deiwaka aliyeikuta hivyo alfajiri.

Siku hizi nikisimamishwa nikiwa na kosa, naomba niandikiwe na kupewa kontrol namba. Malipo yanafanyika kwa simu, si lazima palepale. Mara ya mwisho askari alinitazama kama nimemtukana, akaniweka juani dakika kumi na tano, kisha akaandika. Kosa lilikuwa kioo cha pembeni kilichopasuka. Nilikibadilisha siku ileile, kwa hasira.