Nimebomoa nyumba ya mama (Umatumbi, Julai 1905)

Alhamisi, 17 Mfunguo Nane 1323

Leo nimeibomoa nyumba ya mama yangu kwa mikono yangu. Karani wa akida hahesabu watu, anahesabu mapaa: paa moja, rupia 3. Yangu na ya mama ni rupia 6, nami ninazo 2 na heleri 40, zimefungwa kwenye kitambaa. Basi mama amehamia kwangu, analala na wajukuu. Miti ya nyumba nimeikata kuni. Pale palipokuwa na mafiga nimemwaga mabua ya mtama, maana karani akiona sakafu iliyopigwa vizuri atauliza mwenyewe yuko wapi.

Hizo rupia 2 nilizipata Kilwa Kivinje kwa ufuta na mpira wa porini. Siku mbili kwenda, mzigo kichwani. Dukani tulibishana sana: mimi nimezoea rupia ya pesa 64, Mhindi anahesabu heleri 100, na kila akihesabu upya, mimi ndiye ninayepungukiwa. Nikirudi nikapita penye ule mwembe aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya kwa kupigana na Wajerumani, miaka 10 sasa. Jua lilikuwa kali, lakini kivulini sikukaa.

Wangesema lima pamba ulipe kodi, ningeelewa. Tunailima. Tangu masika nimeandika humu siku 24 katika shamba la jumbe, na bado kuchuma. Msimu uliopita, jumbe alipochukua lake na akida lake, mimi sikushika hata robo rupia. Na siku hizo 24 mtama wangu ulikuwa hauna mlinzi. Nguruwe wameulala kama mkeka.

Jirani yangu alikosa siku moja, mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa. Kachapwa viboko hamsa ishirini. Nilikwenda kumjulia hali juzi nikamkuta kalala kifudifudi, kaniki imegandana na mgongo, shemeji anaidondoshea maji ya moto kidogo kidogo ili ibanduke bila ngozi. Mtoto ni wa kiume. Jina bado.

Shemeji yangu mimi, kaka yake mke wangu, amerudi jana usiku kutoka Ngarambe. Walikwenda wengi, kama watu waendao arusini. Amenyunyiziwa maji ya yule mganga, na amenieleza yatafanya nini siku risasi zitakapotoka. Mengine aliyosema siyaandiki, hata kwa herufi hizi za Kiarabu za chuoni ambazo askari hawezi kuzisoma; karani anaweza. Mimi sijaamua. Mke wangu ameshaamua, naona, kwa jinsi anavyonyamaza.

Mlango wa nyumba yake mama amekataa nisiuchanje. Ni mninga, baba aliuchonga mwenyewe. Umeegemezwa hapa ukutani, nyuma ya dari la mahindi, nami naandika nikiutazama. Kabla hajalala ameniambia niufunike na jamvi: “Yule karani akiuona, mwanangu, atauhesabu nao.”