Jibu la mfano: Swali la 4, Usalama wa Mitandao

Swali la 4 (alama 20). Ushirika wa wavuvi una ofisi 8: Amu mjini, Shela, Matondoni, Mokowe, Faza, Kizingitini, Siyu na Pate. Ofisi hizi hutumiana faili za malipo ya wanachama kwa intaneti, na faili moja ina megabaiti 40 (baiti 40,000,000). Chukulia kuwa kompyuta ya ofisi husimbua vipande 1,000 vya RSA ya biti 2,048 kwa sekunde, na AES kwa kasi ya megabaiti 500 kwa sekunde. Linganisha usimbaji wa ufunguo mmoja na usimbaji wa ufunguo wa umma kwa upande wa ugawaji wa funguo na kasi, kisha ueleze ushirika utumie nini.

Jibu

Katika usimbaji wa ufunguo mmoja, ufunguo unaofunga ujumbe ndio huohuo unaoufungua. AES ndiyo inayotumika zaidi leo. Katika usimbaji wa ufunguo wa umma, kila mtu ana funguo mbili zilizozaliwa pamoja: wa umma, ambao yeyote anaweza kuuona na kufungia ujumbe, na wa binafsi, ambao hautoki mikononi mwa mwenyewe na ndio pekee unaofungua. Mfano ni RSA, iliyobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977.

*Ugawaji wa funguo.* Naanza na hili kwa sababu ndilo lililozaa usimbaji wa ufunguo wa umma. Tuseme Amu inataka kutumia AES na Kizingitini. Kabla ya faili ya kwanza kutumwa, ofisi zote mbili lazima ziwe na ufunguo uleule, na njia iliyopo kati yao ni intaneti, ile ile tunayoiogopa. Kuutuma ufunguo humo bila kuufunga ni kumpa mwizi kila kitu. Basi itabidi mtu aubebe kwa boti ndani ya bahasha, na wakati wa kusi bahari ikichafuka, ufunguo unasubiri pamoja na abiria. Ukishukiwa kuvuja, safari inaanza upya.

Hesabu nayo inakua haraka. Ikiwa kila ofisi mbili zina ufunguo wao, idadi ya funguo kwa ofisi n ni:

```
n(n - 1) / 2
```

Kwa ofisi 8 ni 8 × 7 / 2 = 28. Ikifunguliwa ofisi ya 9, funguo zinakuwa 36: nane mpya, na kila mmoja una safari yake ya siri. Mtu anaweza kupendekeza ofisi zote zitumie ufunguo mmoja tu. Hesabu itapungua, lakini kompyuta moja ikiibwa Siyu, faili za ofisi zote 8 ziko wazi. Tena hakuna atakayeweza kuthibitisha kuwa faili imetoka Faza kweli, kwa kuwa yeyote kati ya wanane angeweza kuifunga.

Mwaka 1976 Diffie na Hellman walichapisha njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo wa siri huku msikilizaji anasikia kila neno wanaloambiana. Kwa ufunguo wa umma, ofisi 8 zinahitaji jozi 8, na ofisi ya 9 inaongeza jozi moja tu. Ufunguo wa umma wa Kizingitini unaweza kubandikwa hata kwenye ubao wa matangazo gatini. Haudhuriki kwa kuonekana.

Lakini si sahihi kuandika kwamba tatizo la ugawaji limekwisha. Limebadilika. Kwanza tuliogopa ufunguo *kuonekana*. Sasa tunaogopa *kubadilishwa*. Mhalifu aliyekaa katikati ya mtandao anaweza kuipa Amu ufunguo wake mwenyewe akidai ni wa Kizingitini, akafungua faili, akazisoma, akazifunga upya kwa ufunguo halisi na kuzipeleka mbele. Pande zote mbili hazitajua. Kwenye tovuti, kinga yake ni cheti kilichotiwa saini na mamlaka inayoaminiwa na kivinjari. Kwa ofisi 8 ambazo makatibu wake wanajuana kwa sauti, yatosha kusomeana kwa simu muhtasari wa ufunguo: SHA-256 hutoa herufi na tarakimu 64, na zikilingana zote, ufunguo ni wenyewe. Dakika tano za simu zinachukua nafasi ya safari ya boti, na anayesikiliza simu hiyo haambulii kitu.

*Kasi.* Hapa ufunguo mmoja unashinda kwa mbali. AES hufanya kazi juu ya vipande vya baiti 16 kwa hatua nyepesi: kubadilisha baiti kwa jedwali, kuzisogeza, kuzichanganya, na kurudia mizunguko 10, 12 au 14 kulingana na urefu wa ufunguo. Prosesa nyingi za sasa zina amri maalumu za kazi hiyo. RSA ya biti 2,048 inapandisha vipeo namba yenye tarakimu zipatazo 617. Kufunga ni rahisi kiasi, kwa sababu kipeo cha umma huwa kidogo, kwa kawaida 65537. Kufungua kwa kipeo kirefu cha binafsi ndiko kunakolemea.

Tufanye hesabu ya swali. RSA ya biti 2,048 ikitumiwa na ujazo wa OAEP wa SHA-256, yaani baiti za ziada za kuulinda ujumbe, inabeba baiti 190 tu kwa kipande. Faili yetu itakatwa vipande 40,000,000 / 190, yaani 210,527. Kwa vipande 1,000 kwa sekunde, kufungua kutachukua sekunde 210.5, zaidi ya dakika tatu na nusu. AES itamaliza kwa 40 / 500 = sekunde 0.08. Tofauti ni mara 2,600 na ushei. Isitoshe, kila kipande cha RSA kinatoka na baiti 256, kwa hiyo faili inavimba hadi karibu megabaiti 54, na ofisi ndiyo italipa bando.

Urefu wa funguo nao usimpotoshe mtu. Biti 2,048 za RSA si imara kuliko biti 128 za AES. Kuifikia AES hiyo, RSA inahitaji takriban biti 3,072, na kasi inazidi kushuka.

*Ushirika utumie nini.* Utumie zote mbili, kila moja kwa kazi inayoiweza. Kwa kila faili, kompyuta ya Amu izalishe ufunguo mpya wa AES wa biti 256, iifunge faili kwa ufunguo huo, kisha iufunge ufunguo wenyewe kwa ufunguo wa umma wa Kizingitini. Ufunguo huo una baiti 32 tu, kwa hiyo unaenea katika kipande kimoja cha RSA. Kizingitini inafungua kipande kimoja kwa sekunde 0.001, inapata ufunguo, na AES inamalizia kwa sekunde 0.08. Amu pia itie saini kwa ufunguo wake binafsi, ili Kizingitini ijue faili imetoka kwa nani.

Pana udhaifu mmoja ambao ushirika uujue tangu mwanzo. Ufunguo binafsi wa Kizingitini ukiibwa mwaka kesho, mtu aliyehifadhi faili za mwaka huu ataweza kuzifungua zote. Ndiyo maana TLS 1.3 ya mwaka 2018, itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, iliacha kusafirisha funguo kwa RSA, ikabaki na makubaliano ya Diffie-Hellman yenye funguo za muda zinazofutwa baada ya kila mazungumzo. Ofisi zikiweza kuwa mtandaoni kwa wakati mmoja, zitumiane faili kupitia TLS 1.3. Faili ikilazimika kusubiri kwenye barua pepe hadi Kizingitini ipate mtandao, hapo ndipo itumike njia ya RSA na AES niliyoieleza, na jozi za funguo zibadilishwe kila mwaka.