Darajani asubuhi: maelekezo ya video ya sekunde 40

Tengeneza video ya sekunde 40, umbo la mlalo 16:9, fremu 25 kwa sekunde, kwa mtindo wa filamu ya hali halisi. Mahali ni soko la Darajani, Unguja, uwanjani nje ya jengo la mwaka 1904. Ni Januari, kaskazi inavuma, saa moja asubuhi.

Mwanga ni wa jua peke yake. Linachomoza upande wa Michenzani, bado liko chini, linapiga ubavuni mwa watu na kung'arisha saruji iliyomwagiwa maji. Chini ya maturubai pawe na giza la kawaida, usipaangaze. Rangi zisikolezwe, kanga zina rangi ya kutosha.

Kamera imeshikwa na mtu aliyesimama pembeni, usawa wa kifua, lenzi ya milimita 35, ikitikisika kidogo kwa pumzi. Haimfuati mtu. Watu wanaingia na kutoka kwenye picha wakiwa na shughuli zao, na mchukuzi akipita mbele na gunia, aizibe. Mtoto mmoja anaweza kuitupia kamera jicho, kisha aendelee na safari yake.

Sekunde 20 za mwanzo ni mnada wa samaki, bila kukata. Chini wamelazwa jodari na nguru, pembeni mtungo wa changu na pweza wawili. Wanunuzi wamemzunguka dalali mwenye kofia iliyofifia kwa jua. Anataja bei harakaharaka: "Ishirini, ishirini, ishirini na mbili!" Mshindi hasemi neno, anainua kidevu tu, na samaki anaburutwa kwa mkia. Hapa ndipo penye uhai wa video nzima, usipaharakishe.

Kisha meza ya matunda: shokishoki na vijiti vyake, embe, ndizi mkono wa tembo, fenesi lililopasuliwa. Bibi mwenye buibui anabonyeza embe.
"Nipunguzie mwanangu, jana umenipa kwa elfu mbili."
"Bi mkubwa, ya jana siyo ya leo."
Anaweka embe chini, anaondoka hatua mbili, anaitwa. Vidole vyote vionekane sawasawa, vitano kila mkono.

Sekunde 5 za mwisho, mkokoteni wa ndizi unasukumwa kuelekea barabarani: "Pisha, pisha!"

Sauti ni za sokoni tu: makelele, honi za daladala, kisu kikigonga gogo. Muziki hapana, msimulizi hapana.

Usiweke bahari wala jahazi nyuma. Hori lililokuwa hapo lilifukiwa zamani, na kutoka uwanjani maji hayaonekani. Pwani itambulike kwa samaki na lafudhi. Usiweke droni, mwendo wa polepole, wala wazee wanaoitabasamia kamera. Vibao vya maduka vibaki na ukungu, maana herufi zikijitengeneza zenyewe hutoka vurugu.