Karatasi ya Kazi, Sayansi Darasa la 6: Hewa Tunayovuta na Tunayotoa

Mtahitaji glasi A na B zenye maji angavu ya chokaa, mrija na pampu ya baiskeli.

Glasi A: pitisha hewa ya darasani kwa pampu, dakika 1.
Glasi B: puliza taratibu kwa mrija. Usivute! Maji ya chokaa huunguza koo.

Matokeo: A hubaki angavu, B hugeuka meupe kama tui.

Kwa nini? Hewa tunayovuta ina kabonidayoksaidi takriban asilimia 0.04, tunayotoa, takriban 4. Gesi hiyo hufanya chembe nyeupe zisizoyeyuka:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Swali: Ukizidi kupuliza B, weupe hupotea. Eleza.
Jibu: Kabonidayoksaidi ya ziada hugeuza chembe kuwa kampaundi inayoyeyuka.