Ubao mweupe

Picha ya kwanza ilimkuta mjomba kibarazani kwa fundi viatu, Iyunga. Ikafunguka taratibu: ubao mweupe, namba tele, maandishi ya Kijerumani.

"Shikamoo mjomba. Niko stesheni kuu ya Hannover, naenda Göttingen. Ubao unasema 14:20, reli namba 8. Nimepanda huko, watu wanashuka tu, hakuna anayepanda."

"Marahaba, Atupele. Subiri."

Mjomba alistaafu TAZARA. Kijerumani hajui, lakini ratiba za treni amezisoma tangu ana nywele nyeusi. Akavaa miwani, akaikuza picha hadi ikabaki mistari miwili.

"Maneno achana nayo, soma saa. Pembeni ya Göttingen pameandikwa 13:12. Itafikaje huko kabla haijaondoka hapo ulipo? Hizo zinaingia. Tafuta ubao wa zinazotoka."

Atupele akageuka. Ubao wa manjano ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, na mtu alikuwa ameuegemea na begi lake. Akaomba njia, akapiga picha. 14:35, Göttingen 15:44, reli namba 4.

"Hapo sawa," mjomba akaandika. "Nenda, lakini tazama na kioo cha umeme. Karatasi haijui kilichotokea leo asubuhi."

Juu ya ngazi za namba 4, kioo kilikuwa na mstari mweupe unaotembea: heute Gleis 9. Akaupiga picha mara mbili, maana mara ya kwanza ulikuwa umeshapita nusu. Fundi viatu naye alikuwa ameweka sindano chini, kichwa kimeingia kwenye simu ya mwenzie.

"Wamehamisha," akasema fundi.

"Wamehamisha," mjomba akakubali, akatuma: "Nenda 9. Kimbia, ila usianguke."

Njia ya chini ilikuwa imejaa watu na mabegi ya magurudumu. 3 na 4 zikabaki nyuma, mbele yake zikaja 7 na 8. Picha nyingine.

"Mjomba, 5 na 6 hazipo! Nimepotea tena?"

Hapa mzee alitabasamu peke yake. Akabonyeza kitufe cha sauti. "Hujapotea. Zitakuwa reli za kupita, za mizigo. Hazina jukwaa, wakupandishie ngazi za nini? Songa mbele."

Picha ya mwisho ilikuwa ya ubavu wa behewa, Göttingen imeandikwa kwa taa za rangi ya chungwa, na kiwiko cha mtu.

"Nimekaa, mjomba. Asante sana."

"Imeondoka saa ngapi?"

Kimya. Fundi akarudi kwenye soli yake. Halafu simu ikalia.

"Bado. Wanasema imechelewa dakika ishirini."

Mjomba alicheka hadi mama wa vitumbua ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini.