Mzigo wa Mutua

Saa tatu asubuhi Mama Mutua alishuka kwenye matatu ya Githurai, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jumba moja kando ya Barabara ya Tom Mboya, akisimama kila mara kuyapumzisha magoti. Mwanawe, ambaye anafanya kazi bandarini Mombasa, alikuwa amemwagizia mashine ya kupima presha kutoka Uchina, na ujumbe wa simu ulisema kwamba mzigo ungerudishwa usipochukuliwa ndani ya siku 7. Hiyo ilikuwa siku ya 6.

Karani alikitazama kitambulisho chake, akakilinganisha na jina lililoandikwa kwenye mzigo, kisha akamrudishia. Mzigo ni wa Mutua, akasema, kwa hiyo inahitajika nakala ya kitambulisho cha Mutua. Simu ya mama ilikuwa kabambe isiyopokea picha, hivyo alishuka hadi saiba ya chini, mwanawe akaituma picha kwa nambari ya mwenye saiba, ikachapishwa kwa shilingi 20. Alipopanda tena aliambiwa kwamba nakala pekee haitoshi bila barua ya idhini iliyotiwa sahihi. Akashuka tena. Tangazo la masharti lilikuwa limebandikwa ukutani tangu mwanzo, lakini kwa Kiingereza, na kwa herufi ambazo hata aliyekijua Kiingereza angelazimika kusogea karibu ili azisome.

Aliporudi na barua, karani akauliza nambari ya siri.

"Nambari gani tena, mwanangu?"

"Iliyotumwa kwa simu ya mwenye mzigo, mama."

Mutua alikuwa amekwisha kurudi kazini, mahali ambapo simu huachwa langoni hadi saa ya chakula. Mama aliweka mkoba wake juu ya kaunta.

"Sikatai masharti yenu," akasema. "Naomba tu uniambie yote kwa pamoja, kwa maana kila unaponitajia moja, mimi nashuka ngazi zile na kuzipanda upya."

Karani alinyamaza. Kisha akatoka nyuma ya kaunta na kiti chake mwenyewe, akamketisha, akachukua karatasi na kuandika kwa Kiswahili, akimsomea neno kwa neno: kitambulisho cha anayechukua, nakala ya cha mwenye mzigo, barua, nambari ya siri, na shilingi 150 za kuhifadhi, zinazolipwa kwa M-Pesa. Hilo la mwisho halikuwa kwenye tangazo wala kwenye ujumbe.

Saa saba na dakika kumi Mutua alipiga simu. Mama aliitamka kila tarakimu kwa sauti baada yake, karani akiandika, hata mzigo ukaletwa.

Kabla ya kuondoka aliiomba ile karatasi ya masharti, akaikunja na kuitia mkobani kando ya mashine, kwa sababu jirani yake alikuwa na mzigo kutoka kwa binti aliyeko Qatar, naye alipanga kuja kuuchukua Alhamisi.